Nimepunguzwa kazi, naomba msaada kusoma hesabu za barua hii (picha imo)

Stoo_Namba4

Wakuu, habari za leo. Nimekuwa mtunza stoo kwenye kampuni moja hapa Tanzania kwa karibu miaka saba. Jumatatu niliitwa ofisini nikapewa barua ya kusitishiwa ajira, sababu iliyoandikwa ni kupunguza wafanyakazi. Tulipunguzwa watu kadhaa, na vikao vya kutueleza vilifanyika tangu Februari, kwa hiyo sina ugomvi na sababu. Kinachonisumbua ni hesabu. Nikiipiga kichwani naona haijai, ila siwezi kuonyesha inavujia wapi.

Nimeweka picha. Samahani haijatoka vizuri, nilipiga kwa simu jioni na karatasi ilikuwa imekunjwa mara mbili mfukoni. Barua ni ya Kiingereza, kwa hiyo naandika hapa kwa Kiswahili yale yanayosomeka:

Tarehe ya barua na ya mwisho wa ajira: 24 Machi 2025
Kuanza kazi: 10 Aprili 2018
Mshahara wa msingi: 780,000
Mshahara wa siku 24 za Machi: 624,000
Malipo badala ya notisi, siku 28: 728,000
Likizo: (mkunjo umepita hapa, hapasomeki)
Kiinua mgongo, miaka 6: 1,092,000
Jumla: 2,756,000

Makato:
PAYE: 636,080
NSSF: 62,400
Salio la mkopo wa mfanyakazi: 300,000
Upungufu wa stoo: 640,000

Kiasi cha kulipwa: 1,117,520

Chini kabisa kuna sehemu ya kusaini kwamba nimepokea na sina madai mengine yoyote. Sijasaini. Wamesema nirudi Ijumaa.

Zaidi ya huo msingi nilikuwa nalipwa posho ya nyumba 120,000 na posho ya usafiri 60,000 kila mwezi. Kazi ilikuwa Jumatatu hadi Jumamosi.

---

Nuru_ya_Asubuhi

Pole sana kaka. Hapo nenda NSSF moja kwa moja na barua hiyo, kuna fao la kukosa ajira. Mdogo wangu alilipwa, ila alisumbuliwa kwa sababu michango yake ilikuwa na mapengo. Anza kuangalia michango yako mapema.

---

Stoo_Namba4

Ahsante dada, hilo nitalifuata. Ila hapa nauliza malipo ya mwajiri mwenyewe, yaani hiyo 1,117,520. NSSF ni mfuko mwingine.

---

Dereva_Mkongwe

Mkuu shukuru Mungu una hata hicho kiinua mgongo. Mimi nilifanya kazi miaka tisa, nikatolewa kwa kosa la nidhamu, sikupewa hata senti ya kiinua mgongo. Waliniambia mwenye kosa hana haki yoyote. Nililipwa mshahara wa siku nilizofanya, basi. Hata likizo yangu ya mwaka mzima waliimeza.

---

Mama_Hesabu

Nimefanya kazi ya kuandaa mishahara kwa zaidi ya miaka kumi, kwa hiyo niseme.

Kwanza huo mkunjo si tatizo. Jumla ni 2,756,000. Ukitoa 624,000, 728,000 na 1,092,000, inabaki 312,000. Hiyo ndiyo likizo. Na 780,000 ukigawa kwa 30 ni 26,000 kwa siku, kwa hiyo 312,000 ni siku 12 kamili. Mistari mingine nayo inakubali: siku 24 mara 26,000 ni 624,000, siku 28 mara 26,000 ni 728,000. Kiinua mgongo ni siku 7 kwa kila mwaka, mara miaka 6 ni siku 42, mara 26,000 ni 1,092,000.

Kwa hiyo hesabu yao haina kosa la kujumlisha. Wamegawa kwa 30, ndivyo ofisi nyingi zinavyofanya, na mimi nimefanya hivyo miaka yote. Binafsi naona barua iko sawa isipokuwa huo upungufu wa stoo ambao sijui habari yake.

---

Katibu_wa_Tawi

Mama Hesabu ametufungulia mkunjo vizuri, na kila mstari umetoka pale aliposema. Tatizo liko kwenye hiyo 26,000 yenyewe. Wamechukua namba moja wakaitumia kwenye mistari minne ambayo sheria haiipimi kwa kipimo kimoja.

Nilikuwa katibu wa tawi la chama cha wafanyakazi kiwandani, barua za namna hii nimezipeleka sana Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Kosa hili nimekutana nalo mara nyingi kuliko mengine yote, na linapita kwa sababu namba zinajumlishika vizuri. Mtu akikuta jumla imekubali, anaamini.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 ina mambo mawili tofauti: mshahara wa msingi, na ujira wote. Msingi hauna posho ndani yake. Ujira wote ni kila unacholipwa kwa ajili ya kazi, posho zikiwemo. Sasa angalia mstari kwa mstari.

Kiinua mgongo kinapigwa kwa msingi. Hapo posho hazimo, na kampuni haijakosea kuziacha.

Notisi ni habari nyingine. Sheria inasema mwajiri asipotaka ufanye kazi kipindi cha notisi, akulipe kile ambacho ungekipata kama ungefanya kazi kipindi hicho. Ungefanya kazi ungepata nini? Msingi, nyumba na usafiri, jumla 960,000 kwa mwezi. Wao wamekulipa msingi peke yake.

Mshahara wa siku za Machi ni vilevile. Ulifanya kazi ukiwa na posho zako. Kwa njia yao ya 30, 960,000 mara siku 24 ni 768,000. Wamekupa 624,000. Hapo 144,000 imebaki kwao.

Kabla sijaenda mbali: mkataba wako unasemaje kuhusu notisi? Siku 28 ni kiwango cha chini kwa anayelipwa kwa mwezi. Kama mkataba unataja zaidi, mkataba ndio unaoshika.

---

Stoo_Namba4

Nimeufukua mkataba. Umeandikwa kwamba upande wowote utatoa notisi ya mwezi mmoja au kulipa mshahara wa mwezi mmoja badala yake. Neno lililotumika ni mshahara tu, hakuna msingi wala posho.

---

Katibu_wa_Tawi

Basi notisi yako ni mwezi mzima, na mimi nadai 960,000. Wamekuandikia 728,000, pungufu ni 232,000. Wanaweza kung'ang'ania hilo neno mshahara kwamba lina maana ya msingi. Jibu lako ni kwamba mkataba hauwezi kukupa chini ya sheria, na sheria inataka ulipwe kile ambacho ungekipata kazini. Hata wakirudi kwenye siku 28 za sheria wakaweka na posho, ni wiki nne: 960,000 gawa kwa 4.333 mara 4, inakuja kama 886,000. Kwa njia yoyote 728,000 haisimami.

---

Mama_Hesabu

Kwenye notisi na siku za Machi nakubali, posho zilitakiwa ziingie. Sikuangalia alipoandika posho zake huko chini. Ila kwenye kiinua mgongo, kugawa kwa 30 kuna shida gani? Siku saba ni wiki. Wiki ni sehemu ya mwezi wa siku 30. Ukigawa kwa 26 kisha ukazidisha kwa 7, umemlipa mtu zaidi ya wiki.

---

Katibu_wa_Tawi

Hoja yako ina uzito na nimeisikia kwa wanasheria wa makampuni. Lakini sheria yenyewe ina jedwali nyuma, jedwali la kwanza, la kubadilisha mshahara wa mwezi kuwa wa siku. Linasema gawa mshahara wa mwezi kwa 4.333 mara siku unazofanya kazi kwa wiki. Kijana anafanya siku 6. Mara 4.333 ni 25.998, ndiyo hiyo 26 watu wanayoitaja bila kujua inatoka wapi. Anayefanya siku 5 kwa wiki kwake ni 21.67, si 26. Na 30 haimo kwenye jedwali.

Kwa hiyo mshahara wake wa siku ni 780,000 gawa kwa 26, sawa na 30,000. Sheria haikusema wiki moja kwa kila mwaka, imesema mshahara wa msingi wa siku 7. Siku moja ni 30,000, saba ni 210,000, mara miaka 6 ni 1,260,000. Wamempa 1,092,000. Pungufu 168,000.

Nikiri kwamba nimeona hesabu zimepita kwa 30 pale Tume kwa sababu hakuna aliyebisha. Usipotaja jedwali, hakuna atakayekutajia.

Tahadhari moja. Ukigawa kwa 26, unahesabu siku za kazi tu. Ukigawa kwa 30, unahesabu siku zote na Jumapili ndani. Usichukue kigawanyo cha huku na siku za kule. Kwa mfano siku za Machi: tarehe 1 hadi 24, ukiondoa Jumapili, ni siku 20 za kazi. Ishirini mara 30,000 ni 600,000, chini ya 624,000 waliyokupa. Ndiyo maana kwenye mstari ule sikugusa kigawanyo chao, nimedai posho peke yake.

---

Mpita_Njia

Swali: barua ya tarehe 24 Machi, alianza tarehe 10 Aprili. Angepewa notisi ya mwezi akaifanyia kazi angefika 24 Aprili, yaani miaka saba kamili. Je wamemlipa taslimu ili mwaka wa saba usitimie?

---

Katibu_wa_Tawi

Umeona mbali. Sheria inahesabu miaka iliyotimia, na ajira yake kwa karatasi imekoma 24 Machi, siku kumi na saba kabla. Mwajiri anaruhusiwa kulipa badala ya notisi, na ajira ikikoma siku hiyo miaka ni 6. Ukiweza kuonyesha kwamba tarehe ilichaguliwa ili kukwepa mwaka wa saba ungekuwa na la kusema, lakini barua ya siku ile ilitoka kwa wengi kwa pamoja. Tofauti ni 210,000. Mimi ningeitaja kwenye barua ya madai, nisingeisimamia kama nguzo.

---

Mpita_Njia

Mimi ningeisimamia. Fedha ya notisi ni badala ya kipindi cha notisi, basi kipindi chenyewe nacho kihesabiwe. Ila nakuelewa.

---

Stoo_Namba4

Nashukuru sana, sasa naanza kuona. Na likizo? Mzunguko wangu unaanza 10 Aprili kila mwaka. Mwaka huu wa mwisho nilienda siku 14 Desemba. Pia nina siku 10 za mwaka wa juzi ambazo sikwenda, mkuu wangu alisema tutapanga, hatukupanga.

---

Mama_Hesabu

Likizo ni siku 28 kwa mwaka. Kwa sehemu ya mwaka, ni siku moja kwa kila siku 13. Toka 10 Aprili 2024 hadi 24 Machi 2025 ni siku 349. Gawa kwa 13 unapata 26.8. Toa 14 ulizokwenda, zinabaki 12.8. Wao wameshusha hadi 12. Hiyo sehemu ya siku wamekunyima, na hakuna sababu ya kuikata.

Kuhusu thamani ya siku, hapa nabaki na msimamo wangu. Siku 28 za likizo ni za mfululizo, Jumapili na sikukuu zimo ndani. Kama kila siku ya likizo ni 30,000, likizo nzima inakuwa 840,000, zaidi ya mshahara wa msingi wa mwezi. Mtu akienda likizo kazini hapewi zaidi ya mshahara wake. Kwa 26,000, siku 12.8 ni kama 334,000.

---

Katibu_wa_Tawi

Na mimi ningeandika 385,000, kwa sababu sheria inasema mshahara wa msingi wa siku moja kwa kila siku 13, na siku moja kwenye jedwali ni 30,000. Lakini hapa sitabishana na wewe kama nilivyobishana kwenye kiinua mgongo. Hoja ya siku za mfululizo ina nguvu. Adai kubwa, akubali ndogo ikibidi.

Zile siku 10 za juzi ni ngumu. Mwajiri anatakiwa akupe likizo ndani ya miezi sita baada ya mzunguko kwisha, au miezi kumi na miwili kama mlikubaliana kwa sababu za kazi. Likizo iliyopitwa na muda huo mwajiri atasema imekufa. Una karatasi yoyote? Fomu uliyoomba ikakataliwa, ujumbe wa simu?

---

Stoo_Namba4

Nina ujumbe mmoja wa mkuu wangu, wa Machi mwaka jana, anasema "subiri tumalize kuhesabu mali, likizo yako ipo". Fomu sikujaza.

---

Katibu_wa_Tawi

Uhifadhi huo ujumbe, piga picha skrini tarehe ikionekana. Mwajiri aliyekuzuia mwenyewe hana uso wa kusema ulizembea. Kama utashinda kwa huo peke yake siwezi kukuahidi.

---

Dereva_Mkongwe

Katibu, na mimi je? Nilitolewa kwa kosa. Waliponiambia sina haki yoyote walikuwa sahihi?

---

Katibu_wa_Tawi

Kwenye kiinua mgongo, ndiyo, kama kosa lilithibitishwa kwa haki na taratibu zilifuatwa. Kwenye likizo, hapana. Likizo uliyokwisha kuitumikia ni yako hata kama ulifukuzwa kwa kosa. Ilikuwa lini?

---

Dereva_Mkongwe

2021.

---

Katibu_wa_Tawi

Muda umekwenda sana ndugu yangu. Madai ya kuachishwa isivyo halali yanapelekwa Tume ndani ya siku 30, madai mengine ndani ya siku 60. Ukichelewa unaomba kwa fomu ya kuchelewa na unaeleza kila siku ya kuchelewa. Miaka hii yote sioni utaielezaje. Inaniuma kukuandikia hivi.

---

Mpita_Njia

Turudi kwenye makato. Huo upungufu wa stoo 640,000 ni wa nini?

---

Stoo_Namba4

Hapo ndipo moyo unaponiuma. Januari walihesabu mali wakasema kuna katoni za vipuri hazionekani. Nilieleza kwamba stoo ina funguo mbili na moja haiko kwangu. Kikaisha hapo. Sikuandikiwa barua, sikuitwa kikao, sikusaini chochote. Nimekuja kuiona hiyo 640,000 kwenye barua hii kwa mara ya kwanza.

---

Mama_Hesabu

Hiyo iondolewe. Hata mimi ningekataa kuiingiza kwenye mfumo bila karatasi ya mfanyakazi aliyekubali.

---

Katibu_wa_Tawi

Mama Hesabu amesema kweli. Mwajiri anakata kwa njia mbili: sheria au amri inayomruhusu, kama PAYE na NSSF, au wewe umekubali deni kwa maandishi. Na kwa hasara au upotevu, hata ukikubali bado kuna masharti. Iwe ilitokea kazini kwa kosa lako. Akuandikie sababu, kiasi na jinsi alivyokipata. Akupe nafasi ya kupinga. Asizidishe hasara halisi. Na makato ya namna hiyo yasizidi robo ya ujira wako.

Hapo kwenye robo watataka kukuchezea. Robo ya ujira wa mwezi, 960,000, ni 240,000. Wao watasema ni robo ya jumla ya barua, 2,756,000, ambayo ni 689,000, na 640,000 imo ndani. Usiingie kwenye ubishi huo. Robo inakuja mwisho, baada ya masharti mengine yote kutimia, na kwako halijatimia hata la kwanza. Ukianza kubishana kuhusu robo ya nini, umeshakubali kwamba deni lipo.

Mkopo je? Ulisaini?

---

Stoo_Namba4

Mkopo ni wa kweli. Nilikopa 600,000, nikawa nakatwa 50,000 kwa mwezi. Zimebaki 300,000. Nilidhani wangeendelea kunidai kidogo kidogo, wamekata zote.

---

Katibu_wa_Tawi

Soma fomu ya mkopo. Mara nyingi kuna mstari kwamba ajira ikikoma salio lote litakatwa kwenye malipo ya mwisho.

---

Stoo_Namba4

Upo. Kifungu cha tano, na nilisaini kila ukurasa. Basi hilo naliachia.

---

Nuru_ya_Asubuhi

Na hiyo PAYE mbona kubwa hivyo? 636,080! Kiinua mgongo nacho kinatozwa kodi? Mtu amepoteza kazi jamani.

---

Mama_Hesabu

Kinatozwa. Malipo ya kukoma ajira ni sehemu ya mapato ya ajira. Nimeipiga: 2,756,000 toa NSSF 62,400 inabaki 2,693,600. Kwenye 1,000,000 ya kwanza kodi ni 128,000, inayozidi hapo inatozwa asilimia 30, yaani 508,080. Jumla 636,080. Wameweka kila kitu kwenye mwezi mmoja ndiyo maana imepanda. Hesabu yenyewe haina kosa.

Hapa nimwambie mleta mada asije akavunjika moyo baadaye: ukidai nyongeza, na nyongeza itakatwa. Katika kila 100,000 utakayorudishiwa, 30,000 inakwenda kwenye kodi. NSSF nayo itapanda kidogo kwa sababu ya posho za Machi. Ila ile 640,000 ya stoo ikirudi, inarudi yote, kwa sababu kodi yake umeshakatwa.

---

Katibu_wa_Tawi

Hilo la mwisho limesemwa vizuri sana, na linaonyesha pa kuanzia. Stoo ndiyo kubwa kuliko zote mkononi.

Jumla ya madai basi: siku za Machi 768,000, notisi 960,000, likizo 385,000, kiinua mgongo 1,260,000. Ni 3,373,000 dhidi ya 2,756,000 yao. Tofauti kama 617,000 kabla ya kodi, au 566,000 ukiipiga likizo kwa njia ya Mama Hesabu. Halafu 640,000 ya stoo.

Usaini wa Ijumaa: fedha ambayo haina ubishi pokea. Lakini usisaini huo mstari wa kutokuwa na madai. Andika kwa mkono juu ya sahihi yako "nimepokea, sikubaliani na hesabu", weka tarehe, piga picha palepale. Wakikataa kukulipa mpaka usaini bila maneno hayo, ondoka na barua yako ya madai iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.

Kwa kuwa hupingi kupunguzwa, muda wako ni siku 60 toka 24 Machi, yaani hadi 23 Mei. Lakini ukija kugundua vikao vile vilikuwa vya jina tu na unataka kupinga kuachishwa kwenyewe, mwisho ni 23 Aprili. Fomu ni CMA F.1. Mazungumzo na kampuni hayasimamishi siku hizo. Nimeona watu wazima wakiambiwa "njoo wiki ijayo" mpaka siku zikaisha.

Halafu, uliajiriwa ukiwa mji huohuo?

---

Stoo_Namba4

Ndiyo, hapahapa.

---

Katibu_wa_Tawi

Basi nauli na mizigo havikuhusu. Dai hati ya utumishi, hiyo ni haki ya kila anayeondoka.

---

Stoo_Namba4

Wakuu, narudi na mrejesho. Ijumaa nilikwenda na karatasi moja, nimeandika mistari minne na pungufu ya kila mmoja, kama mlivyonielekeza. Nilikaa na afisa utumishi na mhasibu.

Posho kwenye siku za Machi na notisi, mhasibu alizikubali bila kelele. Alifungua slipu yangu ya Februari, akaangalia, akasema kweli. Notisi wameandika upya mwezi mzima, 960,000. Likizo wamekubali siku 12.8 lakini kwa 26,000. Kiinua mgongo wamekataa kabisa, wanasema kampuni yote inagawa kwa 30 na wakinibadilishia mimi watabadilisha kwa wote tuliopunguzwa. Nilipotaja jedwali, afisa utumishi aliandika kwenye daftari lake lakini hakujibu. Siku 10 za juzi nimeonyesha ule ujumbe, wamesema watamuuliza mkuu wangu.

Stoo ndiyo ilikuwa kazi. Walinitolea karatasi ya kuhesabia mali ya Januari, wakasema hiyo ndiyo maandishi. Nikaomba wanionyeshe jina langu au sahihi yangu juu yake. Haipo. Kuna sahihi ya mtu mwingine, ndiye mwenye ile funguo ya pili. Mhasibu aliiangalia ile karatasi muda mrefu. Wamesema wanaiondoa 640,000 kwenye hesabu "kwa sasa", na barua mpya itatoka wiki ijayo.

Sijasaini. Nimegongewa muhuri kwenye nakala yangu.

---

Mpita_Njia

Hiyo "kwa sasa" waitoe kwenye barua mpya.

---

Mama_Hesabu

Ukiipata barua mpya iweke hapa, piga picha mchana na karatasi iwe imelala mezani. Nitaangalia kama PAYE wameipiga upya kwa jumla mpya au wameacha ya zamani, hapo huwa wanasahau. Na kuhusu lile jedwali, Katibu, nimelitafuta nikalisoma. Kwenye kiinua mgongo nimekuelewa. Kwenye likizo bado.

---

Katibu_wa_Tawi

Sawa dada. Wewe kijana, wenzako waliopunguzwa nao wamegawiwa kwa 30. Umesema wanaogopa kubadilisha kwa wote. Watafute mkae pamoja, kila mmoja na barua yake, mpige hiyo tofauti ya kila mtu. Tume inapokea madai ya watu wengi kwa fomu moja mkimteua mmoja wenu kwa maandishi. Hesabuni siku, 23 Mei si mbali.

---

Stoo_Namba4

Tuko tisa. Nimeshaongea na wawili, mmoja amesaini tayari ule mstari wa kutokuwa na madai. Anauliza kama bado anaweza kuingia.